Simu Inazima Saa Tisa Mchana? Anzia Kwa Mwanga wa Skrini

Mwezi uliopita tulikuwa soko kuu la hapa Eldoret tukizungumza na wafanyabiashara kuhusu malipo ya simu. Mama mmoja anayeuza mboga akatusimamisha kabla hatujamaliza salamu. "Hii kitu yenu ni nzuri," akasema, "lakini mimi saa tisa simu imezima. Nikipunguza mwanga sioni jina la mtu. Nikiongeza, chaji inaenda. Sasa nifanye nini?"

Hilo swali lilitukalisha chini, maana sio lake peke yake. Saa tisa mchana si mbali na wakati watu wanaanza kutoka kazini na kupitia sokoni kununua sukuma na nyanya za jioni. Simu ikizima wakati huo, ni moja kati ya mbili. Mteja aende kwa jirani, ama mama akubali kuangalia meseji kwenye simu ya mteja. Na wewe unajua vile meseji feki zinavyotembea. Malipo yanathibitishwa kwa simu yako wewe unayelipwa, si kwa simu ya anayesema amelipa. Kwa hivyo skrini isiyosomeka na betri iliyokufa zinaleta hasara ileile.

Tukaomba kuangalia simu yake. Tutakupitisha kwa tulichokuta, kwa sababu simu za wengi wetu zimekaa vivyo hivyo.

Ilikuwa simu ya kawaida tu ya Android, betri ya 5000 mAh, skrini ya LCD ya inchi sita na kitu. Mwanga ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho na ukaachwa hapo. Refresh rate ilikuwa 90Hz. Skrini ilikuwa imewekwa ikae dakika kumi kabla ya kujizima, kwa sababu mama anaegemeza simu kwa kreti ili aone meseji ikiingia. Kwa kifupi, skrini ilikuwa inawaka kutoka asubuhi hadi inapokata roho.

Hebu tupige hesabu kidogo, halafu tutaachana na namba. Betri ya 5000 mAh ikijaa inabeba nguvu ya kama wati 19 kwa saa moja. Ukitumia wati moja tu, utakaa saa 19. Ukitumia wati mbili, saa tisa na nusu. Mama anachomoa chaja saa kumi na mbili asubuhi na simu inazima saa tisa, yaani baada ya saa tisa kamili. Maana yake simu yake inakula wati mbili na kidogo wakati wote. Kwa simu ya aina hii, mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, zaidi ya nusu ya hiyo nguvu inaweza kuwa ni ya skrini peke yake. Hayo ni makadirio, si kipimo cha maabara, lakini yanatosha kuonyesha mwizi yuko wapi.

Sasa angalia jambo lililotushangaza. Kibanda chake kina paa la mabati na kinatazama upande wa jua linakotua. Asubuhi yote kiko kivulini. Jua linaanza kuingia mchana, baada ya saa nane hivi. Kwa hivyo kutoka asubuhi alikuwa anachoma mwanga wote mahali ambapo theluthi yake ingetosha kabisa, halafu jua linapoingia na yeye anahitaji ule mwanga kweli, betri iko karibu kuisha. Alikuwa na mwanga wa kutosha wakati ambao hauhitaji.

Hapo ndipo ile setingi inayoitwa Adaptive brightness inapoingia. Iko kwa Settings, halafu Display. Simu zingine zinaiita Auto brightness. Kwa iPhone imefichwa mahali usipotarajia: Settings, Accessibility, Display & Text Size, halafu ushuke mpaka chini utaona Auto-Brightness. Kazi yake ni moja. Juu ya simu, karibu na spika ya kusikilizia ama kamera ya mbele, kuna sensa ndogo inayopima mwanga uliokuzunguka. Ukiwa kivulini inashusha mwanga wa skrini, ukitoka juani inaupandisha.

Watu wengi waliwahi kuiwasha, wakakasirika, wakaizima. Tunawaelewa. Unaingia dukani, skrini inakuwa giza kuliko unavyopenda, unaongeza, inashuka tena kesho. Lakini tangu Android 9, iliyotoka mwaka wa 2018, hiyo setingi inajifunza kutoka kwako. Ukivuta ule mstari wenye alama ya jua ukiwa mahali fulani, simu inakumbuka kwamba kwa mwanga wa mazingira wa aina hii, huyu mtu anapenda skrini iwe hivi. Ukirudia siku kadhaa, inazoea. Kosa tunalofanya ni kuizima siku ya kwanza. Iache imewashwa, irekebishe kwa mkono pale inapokosea, halafu iache hapo. Usivute juu na chini kila dakika maana unaichanganya.

Kuna kitu kingine kuhusu huo mstari wa mwanga ambacho wachache wanakijua. Katikati ya mstari si nusu ya mwanga. Macho yetu yanaona tofauti ndogo sana gizani na hayaoni vizuri tofauti kubwa kwenye mwangaza, kwa hivyo Android ya kawaida imepanga mstari kufuata macho. Ukiweka mstari kwenye robo tatu, mwanga unaotoka ni kama robo tu ya mwanga wote. Kampuni zingine zimebadilisha huo mpangilio kwa simu zao, kwa hivyo usichukue hizo namba kama sheria. Wazo lenyewe ndilo muhimu: kile kipande cha mwisho cha mstari, kutoka robo tatu kwenda mwisho, ndicho ghali kuliko vyote. Ukirudi nyuma kidogo tu kutoka mwisho, macho yanaona tofauti ndogo lakini betri inaona kubwa.

Basi tukamwashia mama Adaptive brightness, tukasubiri. Skrini ikawa giza kabisa. Akatuangalia kwa yale macho ya "nilijua tu."

Kumbe shida haikuwa setingi. Alikuwa ameweka kioo cha kulinda skrini chenye mpaka mweusi, wa aina ile inayouzwa kila kona ya mji, na huo mpaka ulikuwa umefunika sensa. Juu yake kukawa na uchafu wa maji ya mboga umekauka. Simu ilidhani iko ndani ya mfuko. Kama unataka kujua ya kwako iko sawa, fanya hivi: washa Adaptive brightness, shusha pazia la juu uone ule mstari wa mwanga, halafu funika sehemu ya juu ya skrini na kidole, karibu na kamera ya mbele. Subiri sekunde chache. Mstari ushuke. Ondoa kidole, ama imulike na tochi ya simu nyingine, nao upande. Kama hausongi hata kidogo, sensa imefunikwa na kava ama kioo, ama imeharibika. Na kama simu yako haina hiyo setingi kabisa kwa Display, kuna uwezekano haina sensa. Simu zingine za bei ya chini huja bila. Wewe basi utafanya kwa mkono: shusha ukiwa ndani, pandisha ukitoka nje.

Tulipanguza, tukatoa kile kioo, na mambo yakakaa sawa. (Kioo kipya kisicho na mpaka alinunua kesho yake. Hatukumlazimisha.)

Hapo tuseme ukweli kuhusu jua, kwa sababu hakuna setingi inayoshinda jua. Jua la mchana linatoa mwanga mara mamia kuliko balbu ya dukani, na Eldoret tuko karibu na ikweta, juu kwa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hata kukiwa na baridi, jua letu ni kali. Skrini nyingi za LCD za bei nafuu zikiwaka mpaka mwisho bado zinashindwa nalo. Simu za AMOLED zina nafuu, na hapa kuna siri ndogo: nyingi zinaweka akiba ya mwanga wa ziada ambao haupatikani kwa kuvuta mstari. Unatoka tu kama Adaptive brightness imewashwa na sensa imeona jua. Yaani mtu aliyeizima ili "apate mwanga wote" amejinyima mwanga wote.

Skrini ikishindwa na jua, tumia mwili wako. Lipe jua mgongo, kinga simu na kiganja, na upe sensa sekunde chache za kuamka kabla hujaandika chochote. Ukitoa simu mfukoni na kuanza kubonyeza papo hapo, unabonyeza kwenye skrini ambayo bado iko na mwanga wa mfukoni. Hapo ndipo 0 inaonekana 8, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha unalipita bila kusoma. Ndugu zetu wa boda wana mambo mawili ya ziada. La kwanza ni miwani ya jua: aina fulani ya miwani ikikutana na skrini kwa pembe fulani, skrini inakuwa nyeusi kabisa. Si simu mbovu. Zungusha simu kidogo ama inua miwani. La pili ni simu iliyofungwa kwa usukani. Ikipigwa na jua ikapata joto, inajipunguzia mwanga yenyewe kujilinda, hata kama mstari uko mwisho. Utajua kwa kuigusa: mgongo wa moto, mstari juu, skrini hafifu. Itoe juani, zima ramani kwa dakika chache, itarudi. Usiweke kwa friji wala kwa maji baridi.

Tukarudi kwa ile 90Hz. Skrini si picha iliyotulia. Inachorwa upya mara nyingi kwa kila sekunde. 60Hz ni mara 60, 90Hz ni mara 90, 120Hz ni mara 120. Ukiteremsha video fupi na kidole, 90 ama 120 inaonekana laini kweli, na kwa michezo ni raha. Lakini kusoma meseji ya malipo, kuweka namba ya siri, kuangalia salio? Hayo ni maandishi yaliyokaa kimya. Kuyachora mara 90 hakuyafanyi yasomeke zaidi. Herufi ni zilezile.

Kwa hivyo kama simu yako ni ya kazi, weka 60Hz na hutapoteza chochote kwenye malipo. Jina la setingi linabadilika: Samsung inaiita Motion smoothness, na hapo unachagua Standard. Kwa simu zingine utaona Refresh rate ama Smooth display. Chaji utakayookoa ni ya kiasi, si kama ya mwanga, na inategemea unavyotumia simu. Mtu anayepitisha kidole siku nzima ataona tofauti kuliko mama aliyeegemeza simu kwa kreti. Kuna chaguo la katikati ambapo simu inabadilisha yenyewe, na kwa wengi hilo linatosha. Simu ghali zinaweza kushuka mpaka 1Hz skrini ikiwa imetulia, lakini nyingi za hizi zetu hazifiki huko.

Resolution ndiyo watu hutuuliza sana, na ndiyo yenye faida ndogo zaidi. Hiyo ni idadi ya nukta zinazochora picha. Simu nyingi za bei ya kawaida zina nukta 720 kwa upana, zingine 1080, na hakuna mahali pa kubadilisha. Kama hulioni neno Screen resolution kwa Display, usitafute, halipo. Wenye simu kubwa kama Samsung za Galaxy S za juu wanaweza kuchagua kati ya WQHD+ na FHD+. Wachague FHD+. Kwenye skrini ya kiganjani macho hayaoni tofauti kwa urahisi, na simu inapumzika kidogo.

Kile ambacho watu wanatafuta wakisema resolution mara nyingi ni kitu kingine kabisa: maandishi makubwa. Hiyo ni Font size, na jirani yake Display size ama Screen zoom. Na hii, kwa maoni yetu, ndiyo setingi iliyosahaulika kuliko zote. Herufi kubwa na nene inasomeka kwa mwanga mdogo. Mama alikuwa ameongeza mwanga kwa sababu macho yake hayakuwa yanaona herufi ndogo, si kwa sababu kulikuwa na jua. Tulipoongeza Font size hatua mbili na kuwasha Bold text, yeye mwenyewe akashusha mwanga bila kuambiwa. Kuongeza ukubwa wa herufi hakuli chaji yoyote ya maana. Angalia tu jambo moja: ukienda mpaka mwisho wa kipimo, kwenye apu zingine maneno yanakatika ama kitufe cha kuthibitisha kinasukumwa chini ya skrini. Ukibadilisha, fungua apu yako ya malipo, fika hadi mahali jina la mpokeaji linapotokea, uhakikishe jina lote na kiasi chote vinaonekana, halafu ukatize hapo.

Tuguse rangi nyeusi haraka, ile Dark mode ama Dark theme. Inaokoa chaji kwa simu za AMOLED, kwa sababu huko kila nukta inawaka yenyewe na nyeusi ni nukta iliyozimwa. Kwa LCD kuna taa moja nyuma ya skrini yote, nayo inawaka hata ukionyeshwa nyeusi, kwa hivyo hupati kitu. Kujua yako ni ipi, ingia chumba chenye giza usiku na ufungue picha nyeusi tupu. Ikionekana kijivu kinachong'aa kidogo, ni LCD. Na iwe ni ipi, nje juani maandishi meusi kwa karatasi nyeupe yanasomeka vizuri kuliko kinyume chake. Mchana weka nyeupe.

Kwa upande wa skrini kukaa wazi, tulishusha Screen timeout ya mama kutoka dakika kumi hadi dakika moja. Akakataa kwanza, ataona aje malipo yakiingia? Tukamwonyesha kwamba meseji inakuja na mlio, na anaweza kugusa skrini akaiona. Sekunde 30 ni kidogo mno kwa mtu mwenye mikono yenye maji, dakika moja inamtosha. Pia simu iliyokaa wazi dakika kumi juu ya kreti ni simu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua ikiwa imefunguka.

Tunakuomba uwe mwangalifu na ile Battery saver ama Power saving. Ni nzuri usiku, lakini kwa simu nyingi inashusha mwanga pia. Wengine wameiweka ijiwashe betri ikifika asilimia 20, halafu wanashangaa mbona jioni skrini haionekani hata mstari ukiwa juu. Ukiwa unapokea pesa juani na skrini imefifia ghafla, angalia kwanza kama alama ya betri imebadilika rangi. Izime kwa muda, soma meseji, iwashe tena.

Kama unataka kupima mwenyewe badala ya kutuamini, chukua siku mbili zinazofanana, tuseme Jumanne na Jumatano. Chomoa chaja saa ileile ikiwa asilimia 100, na saa sita mchana andika asilimia iliyobaki. Siku ya kwanza tumia vile umezoea. Siku ya pili badilisha kitu kimoja tu, mwanga. Ukibadilisha vitu vinne pamoja hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Kwa Settings, halafu Battery, simu nyingi pia zinakuonyesha Screen imekula asilimia ngapi.

Kama umefanya haya yote na simu bado inashuka kutoka 40 hadi 10 kwa ghafla, ama inazima ikiwa na asilimia 15, hiyo si skrini tena. Ni betri iliyochoka, na fundi ndiye wa kuibadilisha.

Tulipita tena kwa yule mama wiki iliyofuata, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeingia hadi kwa nyanya. Simu ilikuwa asilimia 41. Mteja alikuwa anamlipa, na mama akaigeuzia simu mgongo wa jua, akaikinga na kiganja, akasoma jina kwa sauti, akasoma kiasi, ndipo akafunga mboga.